Ishara moja, manunuzi matatu: uchambuzi wa kisa cha RSI ya siku 2 katika soko linalopanda

Kisa hiki kinamhusu mwekezaji mmoja wa Mombasa aliyekuwa akinunua mfuko unaofuata faharasa ya hisa kubwa za Marekani. Jina, mahali pa kazi na miezi ya tukio vimeondolewa. Bei za mfuko zimezidishwa kwa namba moja ile ile ili usitambulike, lakini uwiano kati ya bei na bei haujaguswa, kwa hiyo asilimia zilizo hapa na thamani za RSI zilizo kwenye jedwali zinaweza kuhesabiwa upya kwa kalamu. RSI ni kipimo cha 0 hadi 100 kinacholinganisha kupanda na kushuka kwa bei siku za karibuni; namba ndogo maana yake bei imeshuka haraka.

## Usuli

Mhusika anafanya kazi ya ofisi katika shughuli za mizigo ya bandari. Alikuwa na dola 5,000 kwa broka wa nje, bila mkopo wa broka, na aliruhusiwa kununua hata sehemu tu ya hisa moja. Kamisheni ilikuwa dola 1 kwa kila oda, iwe ya kununua au ya kuuza. Soko la Nairobi alikuwa amelifikiria akaliacha, na sababu yake ilikuwa ya kimahesabu. Mbinu aliyoitaka hutafuta faida ya takriban asilimia 1 ndani ya siku chache, ilhali kamisheni na tozo za kununua kisha kuuza hisa Nairobi zinaweza kumeza asilimia 2 au zaidi. Biashara ya namna hiyo imeshapata hasara kabla bei haijasogea.

Mwanzoni alitumia RSI ya vipindi 14, ile aliyoieleza J. Welles Wilder mwaka 1978, akisubiri ishuke chini ya 30 ndipo anunue. Alisubiri sana. Katika mwenendo wa kupanda ulio imara, RSI ya siku 14 hushuka hadi maeneo ya 40 hivi kisha bei ikageuka. Inapofika 30, mara nyingi mteremko umekuwa mrefu kiasi kwamba bei imeukaribia wastani wa siku 200, yaani wastani wa bei za kufunga za siku 200 zilizopita, au imeuvunja. Ukidai mambo mawili kwa pamoja, bei iwe juu ya wastani wa siku 200 na RSI ya siku 14 iwe chini ya 30, unadai kitu ambacho soko hukitoa kwa nadra.

Binamu yake, anayeandika programu, akampendekezea RSI ya siku 2. Hesabu ni ile ile ya Wilder, ila kumbukumbu yake ni fupi sana: siku mbili au tatu za kushuka mfululizo zinatosha kuipeleka chini ya 10, hata kama soko liko mbali juu ya wastani wake mrefu. Ndiyo maana wanaotafuta mteremko mfupi ndani ya mwenendo wa kupanda huipenda.

## Kanuni ya kwanza

Waliiandika kwa Pine Script, lugha ya programu ya tovuti ya chati za bei ya TradingView. Kiini chake kilikuwa mistari hii mitatu:

```
ingia = close > ta.sma(close, 200) and ta.rsi(close, 2) < 10
toka  = ta.rsi(close, 2) > 70
// ingia -> strategy.entry, toka -> strategy.close
```

Kwa maneno: soko likifunga juu ya wastani wa siku 200 na RSI ya siku 2 ikiwa chini ya 10, nunua soko linapofunguliwa siku inayofuata. RSI ikifunga juu ya 70, uza soko linapofunguliwa siku inayofuata. Hakukuwa na njia nyingine ya kutoka. Kila ununuzi ungekuwa wa dola 1,500, yaani asilimia 30 ya mtaji.

Mistari hiyo iliingizwa mahali pawili. Kwanza kwenye programu ya majaribio, inayopitia data ya miaka ya nyuma na kuonyesha kila biashara. Pili kwenye kiashirio tofauti chenye arifa, ili simu ilie ishara inapotokea. Wote wawili waliamini kuwa kwa kuwa mistari ni ile ile, vitu hivyo viwili vitafanya kazi sawasawa. Matatizo yote ya kisa hiki yalipita katika imani hiyo.

## Mfuatano wa matukio: biashara iliyolipa

Wiki ya kwanza yenye ishara ilianza mfuko ukiwa umefunga Jumatatu kwa 500.0, huku wastani wa siku 200 ukiwa karibu 468. RSI ya siku 2 ni rahisi kuifuata kwa mkono: wastani mpya wa kupanda ni nusu ya wastani wa jana pamoja na nusu ya mpando wa leo, na wastani wa kushuka vivyo hivyo. RSI ni 100 mara wastani wa kupanda, gawa kwa jumla ya hizo wastani mbili.

| Siku | Kufunga | Wastani wa kupanda | Wastani wa kushuka | RSI |
|---|---|---|---|---|
| Jumatatu | 500.0 | 2.00 | 0.40 | 83.3 |
| Jumanne | 496.0 | 1.00 | 2.20 | 31.3 |
| Jumatano | 493.0 | 0.50 | 2.60 | 16.1 |
| Alhamisi, saa tatu usiku | 490.5 | 0.25 | 2.55 | 8.9 |
| Alhamisi, kufunga | 493.5 | 0.50 | 1.30 | 27.8 |
| Ijumaa | 488.0 | 0.25 | 3.40 | 6.8 |

Angalia safu mbili za Alhamisi. Saa tatu usiku ya Mombasa soko la New York lilikuwa bado wazi, na kwa saa za majira ya kiangazi ya huko lingefungwa saa tano usiku. Kwa bei ya 490.5 ya dakika ile RSI ilikuwa 8.9, simu ikalia, mhusika akanunua papo hapo kwa 490.6. Saa mbili baadaye soko lilifunga kwa 493.5 na RSI ikasomeka 27.8. Siku hiyo haikuwa na ishara. Ukifungua chati kesho yake huoni hata alama kwamba ishara iliwahi kuwepo.

Ijumaa bei ilishuka hadi 488.0 na RSI ikafunga 6.8. Hiyo sasa ilikuwa ishara halali, na jaribio liliingia Jumatatu kwa bei ya kufungua, 488.9. Jumatatu mfuko ulifunga 492.0 (RSI 55.6), Jumanne 496.0 (RSI 78.3), na Jumatano asubuhi ya New York biashara ilifungwa kwa 496.4.

Mhusika alipata 5.8 kwa kila kipande, karibu asilimia 1.2. Kwa dola 1,500 hizo ni kama dola 17.7, zikibaki 15.7 baada ya kamisheni za pande mbili. Jaribio lilipata 7.5 kwa kila kipande. Tofauti hiyo ya 1.7, zaidi ya robo ya faida aliyoipata, ilikuwa dalili kamili kwamba anachofanya mkononi si kile kilichojaribiwa. Haikuchunguzwa kwa sababu biashara ilileta pesa. Ingelikuwa hasara, pengine daftari lingefunguliwa siku hiyo hiyo.

## Mfuatano wa matukio: biashara iliyoharibika

Miezi michache baadaye, binamu alikuwa tayari amebadilisha mpangilio wa arifa kutoka `Once Per Bar` hadi `Once Per Bar Close`, ili simu ilie soko likishafunga tu, baada ya simu kulia mara kadhaa kwa ishara zilizofutika usiku. Hilo lilitatua tatizo la kishumaa, yaani alama ya bei ya siku moja kwenye chati, ambacho hakijafunga. Tatizo la pili lilikuwa bado limelala.

Jumatatu moja mfuko ulifunga 519.5, RSI ikiwa 9.1, wastani wa siku 200 ukiwa 497. Bei ilikuwa asilimia 4.5 juu ya wastani, na ishara ilikuwa safi. Jumanne akanunua kwa 520.0.

Jumanne hiyo soko lilifunga 513.5 na RSI ikawa 4.8. Simu ikalia tena. Mantiki ya mhusika ilieleweka kabisa: kanuni inasema ikiwa chini ya 10 na juu ya wastani, nunua, na simu ndiyo inayoisema kanuni. Jumatano akanunua tena kwa 514.0. Jumatano ikafunga 504.0, RSI 1.9, arifa ya tatu, na Alhamisi akanunua kwa 503.0. Sasa alikuwa na dola 4,500 ndani ya mfuko mmoja, asilimia 90 ya mtaji wake, zote zimeingia ndani ya siku tatu.

Alhamisi soko likafunga 494.0, chini ya wastani wa siku 200. Kichujio kikazuia ununuzi wa nne, lakini hakikusema lolote kuhusu yale matatu yaliyokwisha kuingia. Kanuni ya kutoka ilikuwa moja tu, RSI ivuke 70, na RSI ilikuwa 0.8. Ijumaa ikafunga 489.0. Jumatatu 481.0.

Kwa bei hiyo ya Jumatatu hasara ambayo haijafungwa ilikuwa karibu dola 274, yaani asilimia 5.5 ya akaunti. Usiku huo alimpigia binamu yake. Binamu akamwambia, "Kaka, kwenye jaribio hapa naona ununuzi mmoja tu. Wewe hayo mengine mawili umeyatoa wapi?" Hapo ndipo walipojua.

Jumanne soko lilipofunguliwa aliuza vyote kwa 479.5, nje ya kanuni. Hasara ilikuwa dola 287.6, asilimia 5.75 ya mtaji, bila kuhesabu kamisheni. Siku ile ile mfuko ulifunga 490.0. Jumatano ulifunga 496.0, RSI ikafika 73.8, na kanuni ya kwanza ingemtoa Alhamisi kwa 495.0.

## Kwa nini jaribio lilionyesha ununuzi mmoja

Katika Pine Script, programu ya majaribio ina kigezo kinachoitwa `pyramiding`. Usipokiandika, thamani yake ni 0, maana yake `strategy.entry` haitafungua biashara nyingine upande ule ule wakati moja iko wazi. Jaribio liliona sharti la kununua likitimia siku tatu, likatekeleza la kwanza na kuyapuuza mawili yaliyofuata, kimya kimya.

Kiashirio cha arifa hakijui kama una kitu mkononi au huna. Kinauliza swali moja kila kishumaa kinapofunga: je, sharti ni kweli? Likiwa kweli siku tatu mfululizo, kinalia mara tatu. Kwa RSI ya siku 2 jambo hili si la bahati mbaya. Anguko lolote la haraka litaiweka chini ya 10 kwa siku kadhaa mfululizo, na siku hizo ndizo hasa ambazo hupaswi kuwa unaongeza bila kujua. Katika miteremko ya kawaida ishara hudumu siku moja au mbili na kosa halionekani. Linajitokeza kwa ukubwa wake wote katika mteremko mbaya pekee.

Kuna njia rahisi ya kuligundua mapema. Chukua orodha ya biashara za jaribio na orodha ya tarehe ambazo arifa zililia, ziweke ubavuni, mstari kwa mstari. Idadi zisipolingana, acha kununua hadi ujue ni kwa nini. Kazi hiyo ingechukua jioni moja.

## Maamuzi yaliyofuata

Swali la kwanza lilikuwa kuzuia manunuzi ya kurudia, na hilo lilikuwa jepesi. La pili lilikuwa gumu zaidi: je, waongeze kanuni ya kutoka pindi bei inapofunga chini ya wastani wa siku 200? Kwa macho ya aliyetoka kupoteza dola 287, jibu lilionekana dhahiri. Binamu alisisitiza walipime kwanza kwa biashara hiyo hiyo, na alifanya vizuri.

Chukua ununuzi mmoja tu wa dola 1,500 kwa 520.0. Kwa kanuni ya kwanza angetoka kwa 495.0, hasara ya asilimia 4.8, karibu dola 72. Kwa kanuni ya wastani wa siku 200, ishara ya kutoka ingetokea Alhamisi kwa 494.0 na mauzo yangefanyika Ijumaa soko likifunguliwa, 492.5. Hasara ingekuwa asilimia 5.3, karibu dola 79. Kanuni ya usalama ingempunja kidogo.

Wakaangalia mteremko mashuhuri zaidi wa miaka ya karibuni, Februari 2020, kwenye faharasa ya S&P 500 yenyewe. Ilifunga kilele tarehe 19 Februari karibu 3,386. Tarehe 21 RSI ya siku 2 ilikuwa imekaribia 10, na tarehe 24, baada ya siku moja kuangusha zaidi ya asilimia 3, ilikuwa karibu 2. Faharasa ilikuwa bado juu ya wastani wa siku 200. Anayechukua ishara ya tarehe 24 angeingia tarehe 25 karibu 3,239. Tarehe 27 faharasa ilifunga karibu 2,979, chini ya wastani, na mwenye kanuni ya wastani angeuza tarehe 28 karibu 2,917, hasara ya takriban asilimia 10 kwa siku tatu za soko. Mwenye kanuni ya RSI pekee angesubiri mruko wa mwanzoni mwa Machi na kutoka tarehe 5 karibu 3,076, hasara ya asilimia 5.

Kwa hiyo katika mifano yote miwili kutoka chini ya wastani kuligharimu zaidi. Sababu iko ndani ya mbinu yenyewe. Unanunua kwa sababu bei imeshuka haraka na unatarajia irudi. Kanuni inayouza kwa sababu bei imezidi kushuka inauza mahali ambapo, mara nyingi, mruko uko karibu zaidi. Anayeongeza kikomo cha hasara kwenye mbinu ya aina hii akitegemea kwamba matokeo ya wastani yatapanda, kwa kawaida atavunjika moyo.

Hata hivyo waliiongeza, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Machi ile ile ya 2020 faharasa iliendelea hadi kufunga karibu 2,237 tarehe 23. Mruko wa siku za mwanzo za Machi ulikuwepo, lakini hakuna kinachoulazimisha kuwepo. Kanuni ya RSI pekee haina mwisho: bei ikishuka kila siku bila siku mbili nzuri za kuinua RSI, unabaki ndani. Kutoka chini ya wastani ni gharama unayoilipa mara nyingi kwa kiasi kidogo ili siku moja usilipe kwa kiasi usichokiweza.

Wakaongeza na kikomo cha muda, siku 10 za soko. Mteremko mfupi ukiwa kweli mfupi, umeshageuka kabla ya hapo. Usipogeuka, sababu iliyokufanya ununue haipo tena, hata kama bei haijashuka sana.

## Ukubwa wa ununuzi

Hapa ndipo uamuzi wenye uzito kuliko yote ulipofanyika. Mara nyingi mtu huchagua kiasi cha kununua kwanza, kisha akatafuta kikomo cha hasara kinachomtuliza. Walikwenda kinyume. Wakauliza: kanuni hii ya kutoka, kwa siku mbaya inayojulikana, imewahi kupoteza kiasi gani kwa biashara moja? Februari 2020 ilijibu asilimia 10 hivi. Kisha: ni hasara gani ya akaunti nzima ambayo mhusika anaweza kuiona na bado akalala hadi kanuni imtoe? Alisema asilimia 2. Asilimia 2 gawa kwa asilimia 10 ni moja ya tano. Kila biashara itumie asilimia 20 ya mtaji, dola 1,000, na iwe moja tu.

Oda ya kikomo cha hasara kwa broka haikuchukuliwa kama mbadala wa hesabu hii. Mfuko unaweza kufunga usiku kwa bei moja na kufunguliwa kesho yake chini sana. Tarehe 28 Februari 2020 faharasa ilifunguliwa asilimia 2 chini ya ilipofunga usiku uliotangulia. Oda iliyowekwa katikati ya bei hizo mbili ingetekelezwa kwa bei ya kufungua, si kwa bei iliyoandikwa.

## Kanuni ya pili

```
//@version=5
strategy("RSI2 mteremko", pyramiding=0,
     default_qty_type=strategy.percent_of_equity, default_qty_value=20,
     commission_type=strategy.commission.percent, commission_value=0.1)
r = ta.rsi(close, 2)
w = ta.sma(close, 200)
wazi = strategy.position_size > 0
siku = wazi ? bar_index - strategy.opentrades.entry_bar_index(0) + 1 : 0
if not wazi and close > w and r < 10
    strategy.entry("N", strategy.long)
    alert("NUNUA kesho ikifunguliwa", alert.freq_once_per_bar_close)
if wazi and (r > 70 or close < w or siku >= 10)
    strategy.close("N")
    alert("UZA kesho ikifunguliwa", alert.freq_once_per_bar_close)
```

Jambo kubwa ni kwamba arifa sasa zinatoka ndani ya programu ile ile ya majaribio, na ziko ndani ya sharti linalouliza kwanza kama kuna biashara wazi. Kiashirio cha pili kilifutwa. `pyramiding=0` imeandikwa ingawa ndiyo thamani ya kawaida, ili atakayesoma baadaye aione.

Kamisheni ya 0.1 ni asilimia: dola 1 juu ya oda ya dola 1,000. Hili ni jambo la kuliangalia kwa makini kila ukubwa wa ununuzi unapobadilika. Kwa dola 1,500, dola 1 ilikuwa asilimia 0.067. Kupunguza ununuzi kulipandisha uzito wa kamisheni kwa nusu nzima, na jaribio lisilobadilishwa lingeonyesha faida isiyokuwepo.

Oda hupelekwa asubuhi, soko likiwa limefungwa, kama oda ya soko itakayotekelezwa likifunguliwa. Kwa Mombasa hilo ni saa kumi na nusu jioni wakati wa majira ya kiangazi ya Marekani, na saa kumi na moja na nusu jioni wakati wa majira ya baridi. Saa hizo mhusika yuko kazini au kwenye foleni ya feri ya Likoni, na hapaswi kuhitajika kushika simu.

## Matokeo

Kwa robo mwaka kanuni ya pili iliendeshwa kwenye akaunti ya majaribio ya broka, bila pesa halisi, huku binamu akilinganisha kila Jumamosi arifa za wiki na orodha ya biashara. Ziliendana, isipokuwa mara moja, na kosa halikuwa la programu. Jumapili ya kwanza ya Novemba Marekani hurudisha saa nyuma na sisi hatubadilishi kitu, kwa hiyo soko lililokuwa likifungwa saa tano usiku likawa linafungwa saa sita. Mhusika, kwa mazoea, aliangalia chati saa tano na dakika chache, akaona RSI iko 7 na hakuna arifa, akadhani arifa imekwama na akaandika oda ya kununua. Kishumaa kilikuwa na karibu saa nzima kabla ya kufunga. Oda ilifutwa asubuhi kabla soko halijafunguliwa.

Baada ya hapo akarudi kwenye pesa halisi kwa asilimia 20. Biashara zilizofanyika tangu wakati huo ni chache mno kusema lolote kuhusu faida ya mbinu.

## Uchambuzi

Kichujio cha wastani wa siku 200 kilifanya kazi yake, nayo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Huzuia kuanza kununua ndani ya soko linaloanguka kwa muda mrefu. Hakizuii ishara ya mwisho, ile inayotokea juu ya wastani siku chache kabla wastani haujavunjwa, na kila anguko kubwa linaloanza kutoka kileleni lina ishara hiyo. Kuitafutia kichujio kingine cha kuiondoa ni kuanza kuichonga kanuni ifuate historia. Ni bora kuikubali na kuilipia kwa ukubwa wa ununuzi.

Kiwango cha 10 hakikubadilishwa, na hilo lilikuwa sahihi. Baada ya hasara kuna kishawishi cha kukishusha hadi 5 kwa matumaini ya ishara bora zaidi. Katika biashara iliyoharibika kiwango cha 5 kingesubiri siku moja tu: ishara ingetoka Jumanne RSI ikiwa 4.8, na ununuzi ungefanyika Jumatano kwa 514.0 badala ya 520.0. Lile anguko lingemkuta mle mle. Kipimo cha maana cha kiwango ni majirani zake. Kanuni ikiwa nzuri kwa 10 na mbaya kwa 8 na kwa 12, basi 10 imebahatika.

Mauzo ya 479.5 yamelaumiwa kwenye mazungumzo kama udhaifu wa roho, lakini hesabu zinasema kitu kingine. Kwa ununuzi mmoja wa dola 1,500, hasara ya Jumatatu ile kwa bei ya 481.0 ingekuwa dola 112.5, asilimia 2.25 ya akaunti. Alikuwa anaangalia dola 274. Kanuni ilimtaka asubiri huku ikiwa imemweka katika ukubwa ambao hakuna aliyewahi kuupima. Kosa la programu lilizaa kosa la uamuzi, na la pili lisingetokea bila la kwanza.

Lililobaki bila ufumbuzi ni gharama. Kwa ununuzi wa dola 1,000 na mpando wa asilimia 1.2 kama ule wa biashara ya kwanza, faida ni dola 12 na kamisheni ni dola 2, moja ya sita. Biashara itakayotoka na asilimia 0.5 itaacha dola 3. Hapo bado hajalipa tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza sokoni, ambayo dakika za kwanza baada ya kufunguliwa huwa pana zaidi. Akaunti ya dola 5,000 iko karibu sana na ukingo ambapo mbinu hii huacha kulipa. Njia zilizopo ni mbili: kupata broka asiyetoza kima cha chini kwa kila oda, au kuacha ishara zipite hadi mtaji ukue kwa akiba. Kuongeza asilimia ya ununuzi ili kamisheni ionekane ndogo kungerudisha tatizo la ukubwa lililomtoa kwa 479.5.